Uchumi wa Fedha: Swali la 4 na mwongozo wa kusahihisha

SWALI LA 4 (alama 20)

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kulenga ujazi wa fedha, ikaanza kutumia Riba ya Benki Kuu, kwanza 5.5%, kisha 6% Aprili. Chukulia kwamba riba hiyo inashushwa, na baada ya mwaka hali jijini Mwanza ni hii (takwimu zifuatazo ni za kubuni, isipokuwa kodi):

Mfumuko wa bei umepanda kutoka 3.5% hadi 5.5%. Mstaafu wa Nyegezi ana amana ya muda maalumu ya sh 20,000,000. Ilipoiva, aliihuisha kwa 6.5% badala ya 8%. Riba hukatwa kodi ya zuio ya 10%. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, anadaiwa na benki sh 10,000,000 kwa riba inayobadilika, iliyoshuka kutoka 16% hadi 15%. Mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara hulipwa sh 400,000 kwa mwezi, na mkataba haujaguswa.

"Riba ikishuka, mkopaji hucheka, mweka akiba hulia, mfanyakazi haimhusu." Jadili.

MWONGOZO WA MSAHIHISHAJI

*Mweka akiba (5).* Baada ya kodi, 8% ni 7.2%, na 6.5% ni 5.85%. Ukitoa mfumuko, riba halisi imeshuka kutoka 3.7% hadi 0.35%. Wengi watasahau kodi na kuandika 1%; wapewe alama 3.

*Mkopaji (7).* Hapa ndipo utamwona aliyeelewa. Benki imempunguzia sh 100,000 tu kwa mwaka, kama deni lote bado lipo. Riba halisi imetoka 12.5% hadi 9.5%: katika pointi hizo 3, 2 zimeletwa na mfumuko. Nafuu hiyo ataiona iwapo tu bei ya dagaa inapanda pamoja na bei nyingine. Msimu dagaa wakifurika na bei kuanguka, deni linazidi kuwa zito. Alama 2 ni za kueleza kwamba anayekopa kikoba kwa riba waliyojipangia wanachama haguswi moja kwa moja.

*Mfanyakazi (6).* Sh 400,000 zake sasa zinanunua kilichonunuliwa kwa takriban sh 379,000 mwaka uliopita (400,000 ÷ 1.055). Kwa hiyo inamhusu sana. Upande wa pili: mikopo nafuu huweza kuongeza uzalishaji, zamu na ovataimu. Ila riba haizai sangara. Samaki wakiadimika ziwani, kiwanda hakitaongeza zamu hata kikikopeshwa bure.

*Hitimisho (2).* Mtu mmoja aweza kuwa wote watatu: mfanyakazi huyo akiwa na hisa na mkopo SACCOS, lazima hesabu zake zijumlishwe kwanza. Anayegawa watu katika makundi matatu yasiyokutana asipewe alama hizi.