Memo: Ombi la Muda wa Kuiandika Upya Skripti ya Ripoti ya Mwezi

KWA: Meneja, Chama cha Ushirika cha Wavuvi, Lamu
KUTOKA: Afisa wa Data
TAREHE: 8 Julai 2024
MINTARAFU: KUIANDIKA UPYA SKRIPTI YA RIPOTI YA MWEZI

Bwana Meneja,

Katika kikao cha wiki iliyopita uliuliza, na ni haki yako kuuliza, kwa nini ninaomba wiki tatu za kuandika upya kitu ambacho hakijawahi kushindwa kutoa ripoti mwisho wa mwezi. Kasoro yenyewe ndiyo hiyo: skripti yetu hutoa ripoti hata pale ambapo ilipasa ikatae.

Kazi yake ni kusoma mafaili yanayotumwa na makarani wa Kizingitini, Faza, Kiunga na Mokowe, kujumlisha kilo na kukokotoa malipo ya kila mvuvi. Huukata kila mstari penye koma, kisha huchukua kipande cha nne kuwa kilo na cha tano kuwa bei, bila kuhakikisha kwamba ndivyo vilivyo. Tazama mstari huu:

```
08/06/2024,Kizingitini,changu,12,5,350
```

Karani alikusudia kilo kumi na mbili na nusu kwa bei ya shilingi 350, ila aliandika koma mahali pa nukta. Tukiacha kando uzito wa kreti, malipo halali ni shilingi 4,375. Skripti huona kilo 12 kwa bei ya shilingi 5, huandika malipo ya shilingi 60, na ile 350 huiacha bila kutoa onyo lolote. Mvuvi aliyeleta mzigo mmoja tu atafika dirishani siku hiyo hiyo kudai haki yake, lakini aliyeleta mizigo mingi mwezi mzima ataona jumla imepungua na kudhani kwamba amekatwa zaidi deni la barafu na mafuta. Huyu wa pili ndiye anayenikosesha raha, kwa sababu hatalalamika, na sisi hatutajua.

Tarehe nazo zina lao. Skripti hutarajia siku itangulie mwezi, hali baadhi ya simu za makarani hutanguliza mwezi. Samaki wa tarehe 8 Juni wakiandikwa 06/08/2024, huingia katika hesabu ya Agosti. Katika kila mwezi zipo siku 11 zinazoweza kugeuzwa hivyo bila kutambulika. Kuanzia tarehe 13 kugeuza hakuwezekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu; hapo skripti ingesimama na kutuambia, lau si mistari hii miwili iliyotiwa zamani ili isisimame:

```python
except:
    continue
```

Maana yake ni kwamba mstari wowote uliokushinda, uruke uendelee. Mzigo hupotea katika ripoti kana kwamba haukupimwa.

Umependekeza tuzibe kasoro hizi moja moja. Tumekuwa tukifanya hivyo, na mistari hiyo miwili ni mojawapo ya viraka vyenyewe. Kalafati huziba upenyo baina ya mbao nzima. Ubao ukishaoza, hakuna pa kuishikiza. Isitoshe, aliyeandika skripti hii amekwisha kuondoka na hakuacha maelezo, hivyo kila kiraka hutiwa kwa kubahatisha.

Skripti mpya itatafuta safu kwa majina yake, itakubali mtindo mmoja tu wa tarehe, na itakapokutana na mstari usioeleweka itauweka kando katika orodha ya kurudishiwa karani. Ripoti haitafungwa mpaka orodha hiyo iwe tupu. Sitaongeza michoro wala programu ya simu, ingawa najua wajumbe wa kamati wangezipenda.

Hatari ipo, nayo ni kusahau kanuni ndogo zilizofichwa ndani ya skripti ya zamani, kama vile kutoa uzito wa kreti kabla ya kuzidisha kwa bei. Kwa ajili hiyo nitaziendesha zote mbili sambamba kwa hesabu za Julai na Agosti, na kila tofauti nitaiandikia sababu yake kabla ya mhasibu kulipa kwa hesabu mpya.

Naomba kuanza Jumatatu, 15 Julai, nusu siku kila siku kwa wiki tatu. Wakati huu wa kusi bahari ni chafu na mizigo ni michache. Kaskazi ikishaingia na vyombo kutoka kila siku, sitakuwa na nafasi hiyo hadi Machi. Jambo la pili ni kwamba mhasibu anipe saa moja kila Alhamisi tuzipitie pamoja kanuni za makato, kwani nyingine anazijua yeye peke yake. Nikipata jibu lako kabla ya Ijumaa, nitawaarifu makarani mapema kuhusu mtindo mpya wa tarehe.

Wako mtiifu,
Afisa wa Data