Zoezi la Baiolojia: Mfumo wa Fahamu (alama 15)

Asha anageuza karafuu zilizoanikwa uwanjani kwao Wete, miguu mitupu. Anakanyaga mwiba wa mlimau. Mguu unanyanyuka kwanza, "Yalaa!" inakuja baadaye.

Tazama mchoro. Mishale inaonesha upande unaokwenda msukumo wa neva.

```
mwiba → P (ngozi ya unyayo) → Q → R (ndani ya ugwe mgongo) → S → T (msuli wa nyuma ya paja)
```

1. Taja P, Q, R, S na T. Kipi ni kipokezi, kipi kitendaji? Anayeandika "ubongo" kwenye R hapati kitu. (5)

2. Kiini cha seli ya Q kimo katika fundo la neva nje ya ugwe mgongo. Cha S kimo ndani. Chora nyuroni zote mbili, uoneshe tofauti hiyo. Penseli, si kalamu ya wino. (4)

3. Baina ya Q na R pana mwanya mdogo sana. Uite jina lake, kisha eleza msukumo unavyovuka na kwa nini haurudi nyuma. (3)

4. Tuseme S imekatika, vingine vyote vizima. Je, Asha atasikia maumivu? Mguu utajinyanyua? Toa sababu. Soma swali mara mbili, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. (2)

5. Kwa nini mguu hunyanyuka kabla Asha hajahisi maumivu? Sentensi moja yatosha. (1)