Yah: Matokeo ya Usaili wa Nafasi ya Ofisa Forodha – Shukrani na Ombi la Mrejesho

Dar es Salaam,
17 Oktoba 2025

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Nimepokea barua pepe yako ya jana, Alhamisi, inayonijulisha kwamba sikuchaguliwa kwa nafasi ya Ofisa Forodha katika ofisi yenu ya Kurasini. Nakushukuru kwa kunijulisha mapema. Wengi wetu tunaoomba kazi jijini tumezoea kimya, mtu akabaki anaitazama simu mwezi mzima asijue kama asubiri au atafute kwingine. Ninyi mmetoa jibu wiki mbili tu baada ya usaili wa tarehe 2 Oktoba. Naomba unifikishie shukrani zangu pia kwa wajumbe wa jopo, hususan kwa muda walioutumia kunieleza jinsi kitengo cha forodha kinavyogawana kazi na wenzao wanaoshinda bandarini.

Siandiki kupinga uamuzi wenu, nami nimeupokea kama ulivyo. Ninachoomba ni mrejesho mfupi, hata wa mistari mitatu, kuhusu mahali nilipopungua.

Ili nisikupe kazi ya kuanza upya, nitaanza na kosa ninalolijua mwenyewe. Katika jaribio la maandishi tulipewa ankara ya mzigo wenye thamani ya dola 20,000 kwa bei ya FOB, nauli ya meli dola 2,400 na bima dola 100, tukatakiwa kukokotoa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, bila kugusa tozo nyingine. Nilitoza ushuru juu ya zile 20,000, ilhali thamani ya forodha kwetu huhesabiwa kwa CIF, yaani dola 22,500. Kwa kuwa VAT nayo hutozwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru, kosa moja lilizaa jingine, na jumla yangu ikapungua kwa dola 1,187.50. Nililigundua nikiwa kwenye daladala, hata Mtoni kwa Aziz Ally sijafika, karatasi zikiwa zimekwisha kukusanywa. Sina la kujitetea, maana kazini huwa naandaa nyaraka zenye mahesabu hayo karibu kila siku, na ninajua kwamba kosa la aina hiyo kwenye kadhia halisi humfanya mteja adaiwe nyongeza huku kontena lake likiendelea kulipiwa stoeji.

Nisichokijua ni kama hilo ndilo lililoamua. Naomba kujua kama tatizo lilikuwa jaribio lenyewe, au ni uzoefu wangu, ambao kwa miaka mitatu umekuwa zaidi wa karani wa nyaraka kwenye bandari kavu kuliko wa mtu anayeingiza kadhia mwenyewe kwenye TANCIS kuanzia mwanzo hadi mzigo utoke. Mjumbe mmoja aliniuliza mara mbili kuhusu uainishaji wa bidhaa kwa namba za HS, nami nilihisi jibu langu la pili halikumridhisha. Kama ndivyo, ningefurahi kuambiwa wazi. Ikiwa utaratibu wenu hauruhusu kutoa maelezo ya jopo kwa maandishi, niko tayari kupokea simu ya dakika tano wakati wowote utakaokufaa, na ikiwa hauruhusu kabisa, nitaelewa.

Pamoja na hayo, naomba jina langu libaki kwenye orodha ya mnaoweza kuwafikiria nafasi nyingine itakapotokea, iwe ya Ofisa Forodha au ya ngazi ya chini yake, ikiwemo ya ofisa nyaraka au ya mkataba wa muda wakati mizigo inapozidi. Kwa ajili hiyo natoa ridhaa yangu kwa kampuni kuendelea kuhifadhi wasifu wangu, nakala za vyeti na matokeo ya usaili kwa miezi 12 kuanzia leo, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nimedhamiria pia kuomba kozi ya EACFFPC inayotolewa na Chuo cha Kodi, na nikiimaliza nitakutumia nakala ya cheti ili iwekwe pamoja na nyaraka nyingine.

Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye wasifu. Kwa kuwa bado nimeajiriwa, napatikana kwa urahisi zaidi baada ya saa kumi na moja jioni, na Jumamosi kuanzia asubuhi.

Natanguliza shukrani.

Wako mwaminifu,

Rehema S. Mbwana
Mwombaji wa nafasi ya Ofisa Forodha