Jumbe tano za kutuma leo kabla ya saa sita

Hawa mdogo wangu,

Rasimu zako zote tano nimezisoma jana usiku baada ya kufunga karakana. Ya dada Rehema nimehesabu samahani tatu na "tunaomba radhi" mbili, na tarehe haimo hata moja. Nakuelewa, unaogopa wateja wakasirike, na hao wana haki ya kukasirika. Ila wanachosubiri kutoka kwetu ni siku ya mzigo. Nimeziandika upya. Zitume leo Jumatano, 15 Aprili, kila mtu kwa namba yake.

Ya kwanza ni hiyo ya dada Rehema wa Mbezi Beach. Wewe uliandika hivi:

"Habari dada, samahani sana sana kwa usumbufu. Tunaomba radhi, kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu kabati zako zitachelewa kidogo. Samahani dada, tunajua umesubiri, tunaomba radhi utuvumilie. Samahani tena, Mungu akubariki."

Nje ya uwezo wetu si kweli. Mbao nilizipokea mimi mwenyewe, usiku, mvua inanyesha, dereva ana haraka, na kipima unyevu kimelala kwenye droo. Tuma hii:

"Dada Rehema, habari za asubuhi. Kabati zako za jikoni hazitafika Jumamosi hii tarehe 18 kama tulivyokubaliana. Mafundi wataanza kuzifunga Jumatano tarehe 29 saa mbili asubuhi, na Alhamisi tarehe 30 jioni utaweza kupanga vyombo.

Kosa ni letu. Mninga wa milango tuliupokea bila kuupima. Tulipoupima kabla ya kukata, unyevu ulisoma asilimia 18, na sisi tunataka usizidi 12. Mbao ya namna hiyo ukiifunga kwenye jiko lenye kiyoyozi inaendelea kukauka ikiwa ukutani, mlango unapinda na droo inakwama. Tangu jana mninga uko kwenye tanuru la kukaushia, na utatoka tarehe 23. Gharama ya tanuru ni yetu, bei yako haibadiliki.

Najua jiko la zamani umeshalivunja. Kabati la chini la sinki tayari limekamilika, bado mlango tu. Tunaweza kulileta kesho saa nne na fundi bomba wetu akalifunga, upate pa kuoshea vyombo kwa sasa. Ukijibu 'lete' linapakiwa. Samahani kwa siku hizi kumi na mbili. Salum, Keko."

Samahani moja, na imekaa mwisho baada ya mtu kujua kila kitu. Akijibu "lete", mwambie kijana wa kirikuu apite njia ya juu. Mvua ikiendelea hivi, Jangwani itajaa maji na barabara itafungwa.

Ya pili ni ya mzee wa Zanzibar, mlango wa nakshi. Hii imeniuma kuliko zote, kwa hiyo nimeiandika polepole. Umemwambia kuwa mlango "umepata hitilafu ndogo". Yule mzee amekulia Mji Mkongwe, anaijua milango kuliko sisi. Mwite kwa heshima yake na umtajie kitu kwa jina lake:

"Shikamoo mzee wangu. Natumaini umeamka salama. Mlango wako hautavuka na boti ya Jumatatu tarehe 20. Mfaa umepasuka.

Ufa umeanzia chini na umepanda inchi tano, umeingia kwenye waridi la kwanza la nakshi. Umetokana na uzembe wetu: baada ya kuchonga tuliuacha mfaa umesimama karibu na mlango wa karakana, jua la mchana likiupiga, na vichwa vya mti hatukuvipaka nta. Kichwa cha mti hukauka haraka kuliko ubavu, na hapo ndipo unapopasuka.

Ufa kama huo unaweza kuzibwa kwa gundi na unga wa mbao, ukapakwa mafuta, na usionekane leo. Mwakani utaonekana. Kwa hiyo tunachonga mfaa mpya. Mti wa msaji ninao, mkavu, nimeupima mwenyewe jana asubuhi, na mchongaji ni yuleyule aliyechonga mbao mbili za mlango, ili mkono usitofautiane. Anahitaji wiki tatu. Mlango utavuka Jumatatu tarehe 11 Mei, nami nitakuja nao kuusimamisha.

Mbao mbili, fremu na kizingiti ni vizima, na kila Ijumaa jioni nitakutumia picha ya mfaa mpya ulipofikia. Malipo yaliyobaki usilipe chochote mpaka mlango umesimama na umeufunga na kuufungua kwa mkono wako. Najua ulitaka wajukuu waukute wakija, na nasikitika kwamba hawataukuta. Mwanao, Salum."

Picha ya ufa itume pamoja na ujumbe, ile niliyoweka rula pembeni. Usiikate. Na kama atapiga simu badala ya kuandika, niite hata kama niko kwenye mashine ya randa.

Ya tatu ni ya mwalimu mkuu wa Kigamboni, madawati 60. Yeye ni mtu wa ofisi, anatakiwa aipeleke kwa kamati ya shule, basi iwe fupi na iweze kusomwa mbele za watu:

"Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, salaam. Madawati 60 yaliyopangwa kufika Ijumaa tarehe 17 Aprili yatafika kwa awamu mbili: 35 Ijumaa hiyo hiyo saa tatu asubuhi, na 25 yaliyobaki Ijumaa tarehe 24 Aprili saa tatu asubuhi.

Fremu za chuma za madawati 25 zilichomelewa nje ya karakana yetu, na tulipozikalia ili kuzijaribu viungio kadhaa viliachia. Tuliomchagua mchomeleaji ni sisi, na kurudia kazi hiyo ni juu yetu. Zote 25 zinachomelewa upya hapa Keko, na hakuna itakayotoka bila watu wazima wawili kuikalia. Tafadhali tulipe ya 35 tu kwa sasa, ankara imeambatishwa. Tunashauri 35 za kwanza ziende kwa darasa la kwanza na la pili, ambako umetuambia watoto wanakaa chini. Salum."

Mchomeleaji usimtaje. Mwalimu hana mkataba naye.

Ya nne, bibi harusi wa tarehe 2 Mei. Huyu hatuchelewi kwa kitanda, tunabadilisha mpango wa meza ya kujipambia. Wewe ulianza na meza. Msichana aliye na harusi baada ya wiki mbili akisoma neno "tatizo" mwanzoni hatasoma kilichobaki. Anza na kitanda:

"Bibi harusi wetu, habari. Kitanda na kabati la nguo vitafika Jumatano tarehe 29 Aprili, siku tatu kabla ya harusi, kama tulivyoahidi. Vimeshapigwa msasa wa mwisho.

Meza ya kujipambia haitakuwa tayari siku hiyo. Tuliipaka vanishi wiki iliyopita katikati ya mvua, hewa ikiwa na unyevu mwingi, na imeota ukungu mweupe. Ilikuwa tusubiri siku kavu, hatukusubiri. Tunaikwangua yote na kuipaka upya. Itafika Alhamisi tarehe 7 Mei.

Ili chumba kisibaki na pengo, tarehe 29 tutaleta meza yetu ya maonyesho yenye kioo, ikae mpaka yako ifike. Hiyo haina malipo. Rangi yake ni nyeusi kidogo kuliko ya kitanda. Picha hii hapa. Kama hukuipenda niambie kabla ya Jumatatu tarehe 20, tutafute nyingine. Salum na mafundi wote wanakutakia heri."

Ya tano ndiyo yenye uongo. Mama Doreen wa Tabata, makochi. Umeandika kwamba sponji "imekwama bandarini". Hawa, sponji ile haijawahi kukaribia bandari. Ilikuwa hapa, imeegemezwa ukutani, na nilikuruhusu mimi umpe mteja mwingine aliyekuja na pesa taslimu. Mama huyu tumemwahirishia mara mbili. Sikutaka apokee maandishi matupu, kwa hiyo nampigia mwenyewe saa tatu kamili. Nikishaongea naye, mtumie hii ili abaki na kitu mkononi:

"Mama Doreen, ahsante kwa kunipokea kwenye simu. Naandika tuliyozungumza.

Makochi yako yalikuwa yafike tarehe 21 Machi, kisha tarehe 4 Aprili. Hayakufika, na hayatafika wiki hii. Sababu niliyokupa mara ya pili, kwamba fundi anaumwa, haikuwa sababu yote. Sponji iliyonunuliwa kwa pesa yako tuliitumia kwenye kazi ya mtu mwingine tukidhani tutairudisha mapema. Hatukuirudisha. Halikuwa jambo la haki kwako.

Sponji mpya imenunuliwa jana Kariakoo na picha yake iko hapa chini pamoja na risiti. Kitambaa chako hakijaguswa. Una njia mbili, na uamuzi ni wako.

Ya kwanza: makochi yanafika Jumamosi tarehe 25 Aprili saa nne asubuhi. Usafiri tunalipa sisi, na kwenye salio tunapunguza shilingi 100,000. Yasipofika siku hiyo, unarudishiwa advansi yako yote na makochi yakikamilika bado ni yako kuyanunua au kuyaacha.

Ya pili: unataka pesa zako sasa. Advansi yote ya shilingi 450,000 inaingia kwenye simu yako leo hii hii, na kitambaa chako kinarudi kwako kesho.

Ukishaamua nijulishe kwa namba hii, hata usiku. Salum."

Humo hakuna samahani kwa sababu nitakuwa nimeisema kwa mdomo, na huwa naona samahani ya tatu ya maandishi inamchosha mtu aliyeshasikia mbili. Akichagua pesa, usimbembeleze wala usimuulize mara mbili. Laki nne na nusu nimeziweka kwenye simu ya karakana tangu asubuhi. Mtumie, kisha mpigie uhakikishe zimeingia.

Tarehe zote hizi nimeziandika kwa chaki kwenye ubao wa karakana, juu ya benchi la fundi rangi. Yoyote ikianza kuonekana haitawezekana, niambie siku hiyo hiyo, tuwaandikie kabla hawajatupigia.

Kaka yako,
Salum