Mwaliko wa Jioni ya Badminton kwa Wanaoanza

Upanga, Dar es Salaam
Jumatatu, 2 Februari 2026

Kwenu nyote mlioandikisha majina,

YAH: JIONI YA BADMINTON KWA WANAOANZA, IJUMAA 13 FEBRUARI 2026

Habari za kazi na za nyumbani. Mmekuwa mkituuliza lini na ninyi mtaingia uwanjani badala ya kukaa kwenye benchi mkishika simu za wenzenu. Kamati imekaa, imekubali, na ukumbi tumeshaulipia. Karibuni Ijumaa ya tarehe 13, siku chache tu kabla Ramadhani haijaingia, maana tukichelewa hapo tutakutana tena baada ya Idi.

Geti litakuwa wazi kuanzia saa 12:45 jioni. Kucheza tunaanza saa 1:15 usiku ili walioswali Magharibi wasije wakihema, na karibu na saa 2 tutasimama kidogo kwa ajili ya Isha. Chumba kilicho nyuma ya stoo kitakuwa kimetandikwa mikeka. Saa 3:30 taa zinazimwa, na mlinzi wetu katika hilo hana utani. Anayekuja kwa mwendokasi ashuke kituo cha Fire, kisha achukue bajaji au atembee kwa kufuata Barabara ya Umoja wa Mataifa. Aliyekupa barua hii anaujua mlango. Mwambie mfuatane siku ya kwanza.

Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mgeni. Fedha hiyo inalipia ukumbi na vinyoya. Kinyoya ndicho kile kidude kinachopigwa huku na huku: manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, uzito wake gramu 5 hivi. Wakongwe wakikaza mkono, kimoja hakimalizi hata mchezo mmoja. Ninyi mtaanza na vile vya plastiki vyenye utepe wa kijani, ambavyo ni vya mwendo wa polepole. Si kwamba tunawabania. Hewa ya joto ni nyepesi, na kwa Februari hii ya Dar kinyoya chenye kasi kinapitiliza hadi ukutani kabla mtu hajajua amekipigaje.

Sasa, cha kubeba. Raketi usinunue. Narudia, usinunue. Kila mwaka kuna mtu anakimbilia Kariakoo, anarudi na raketi mbili za chuma ndani ya mfuko wenye zipu, nzito kama mwiko wa ugali wa shughuli, na baada ya wiki mbili bega linamuuma na mchezo anauchukia. Klabu ina raketi 12 za kuazima. Ujaribu nyepesi, ujaribu yenye mshikio mnene, ukishajua mkono wako unataka nini ndipo uingie dukani, tena uende na mmoja wetu.

Kitu ambacho hatuna cha kukuazima ni viatu. Njoo na raba ambazo soli yake haiachi alama kwenye sakafu ya mbao. Ukiikwaruza kwenye sakafu ya nyumbani ukaona mstari mweusi, hizo ziache. Raba za kukimbilia zenye soli nene nazo si nzuri sana, kwa sababu badminton ni mchezo wa kwenda pembeni na kurudi, na kisigino kilichoinuka kinapindua kifundo cha mguu. Zaidi ya yote, zibebe mkononi au kwenye begi, uzivalie pale benchini. Mchanga wa barabarani ukishaingia ukumbini, sakafu inakuwa kama imemwagiwa mtama.

Nguo ni yoyote inayokuruhusu kunyanyua mkono na kuchuchumaa. Bukta, suruali ya mazoezi, hijabu, vyote vipo uwanjani kwetu kila wiki. Dera tu ndilo limewahi kutushinda, na aliyekuja nalo alicheka kuliko sisi. Beba taulo, fulana ya kubadilisha, na maji yasiyopungua lita moja na nusu. Kwenye maji nakuomba usifanye ubahili, na sababu naieleza.

Ukumbi wetu una feni nne kubwa darini. Usiku wangu wa kwanza hapa, miaka sita iliyopita, nilifika mapema, nikawaona watu wanatiririka jasho, nikasema moyoni hawa jamaa vipi, kazi ya kuwasha tu imewashinda? Nikaenda ukutani nikabonyeza swichi. Kinyoya kilikuwa juu, kinashuka polepole kwa mzee mmoja ambaye wote tunamwita Babu. Kikasita. Kikayumba kushoto, kikatua uwanja wa pili, katikati ya watu wengine wanne. Viwanja vyote vitatu vikasimama, macho kwangu. Babu akaja taratibu, akazima feni, akaniambia: "Kijana, joto tunalijua. Upepo ndio hatuchezi nao." Kitu cha gramu tano hakihimili hata pumzi ya mlango ulio wazi. Kwa hiyo feni zinazimwa, milango ya upande wa kaskazi inafungwa, na tunatoka jasho kwa hiari yetu wenyewe. Mwenye shinikizo la damu au pumu aniambie akifika, asione haya. Tutampangia michezo mifupi na kiti cha karibu na dirisha.

Kisa hicho nakisimulia kwa sababu ninachokiona kwa wageni ni hiki: wengi hawaogopi kushindwa. Wanaogopa kufanya jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa wao. Basi mengi ya hayo ni haya hapa.

La kwanza ni la usalama. Usipite uwanjani, wala nyuma ya mistari, wakati kinyoya kiko hewani. Simama pembeni, subiri kidondoke, kisha vuka haraka. Mchezaji anayerudi kinyumenyume hana macho kisogoni, na raketi yake itakukuta kwenye sikio. Vilevile ukiwa mbele karibu na neti na mwenzako yuko nyuma yako, usigeuke kumtazama. Tazama mbele. Kinyoya kilichopigwa kwa nguvu kikikupata mgongoni kinaacha alama ya siku mbili. Kikikupata jichoni ni habari nyingine kabisa.

Kinyoya cha jirani kikiingia uwanjani kwenu, pazeni sauti "Simama!", na pointi hiyo inarudiwa hata kama ulikuwa unaelekea kuishinda. Kiokote kwa mkono, ukishike kwenye kizibo, na uwarudishie kwa kukipiga taratibu wakiwa wanakutazama. Kukisukuma kwa mguu ni utovu wa adabu, na manyoya yanavunjika. Hata baina yenu wanaocheza, pointi ikiisha, mpelekee kinyoya anayeanzisha mpaka kimfikie. Usikiburuze chini ya neti kikaishia njiani, mwenzio akainame mara ishirini kwa usiku mmoja.

Hatuna mwamuzi. Kila upande unaamua mistari ya upande wake, na kilichogusa mstari kimeingia, hata kama ni kwa ncha. Kama hukuona vizuri, pointi ni ya mpinzani. Hapa ndipo tabia ya mtu inapojulikana, na nasema bila kumsema mtu: wapo wanaoona vizuri sana vinyoya vinapotoka, na hawaoni kabisa vinapoingia. Vivyo hivyo ukigusa neti kwa raketi au kwa nguo, sema mwenyewe. Hakuna atakayekuhoji.

Kuanzisha ni kwa mkono wa chini, kwa mshazari, na kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 wakati unakipiga, yaani kwa wengi wetu kama usawa wa mbavu za chini. Usianzishe kabla mpokeaji hajakaa tayari. Pointi ni 21 kwa sheria rasmi, lakini usiku huo tutacheza hadi 15 ili foleni itembee. Mengineyo ya sheria mtayaokota humo humo, msiumize vichwa.

Foleni yenyewe iko kwenye ubao karibu na mlango. Ukifika utapewa kibanio cha nguo chenye jina lako, ukibane mwisho wa mstari. Vibanio vinne vya mbele ndivyo vinavyoingia uwanja ukiwa wazi, na mchezo ukiisha wote wanne wanatoka, walioshinda na walioshindwa. Kusogeza kibanio cha mtu ili ucheze na rafiki yako ni kosa ambalo Mhazini hulitolea hotuba, na hotuba zake ni ndefu. Uwanja wa tatu, ule wa karibu na stoo, hauna foleni usiku huo: ni wa kufundishana kushika raketi na kuanzisha, na utamkuta Babu hapo tangu mwanzo.

Tunacheza wawili kwa wawili. Kinyoya kikija katikati yenu, mmoja aseme "Yangu!" mapema na kwa sauti. Mkigongana raketi, semeni pole na muendelee. Ukimpiga mtu kwa kinyoya, au kikigonga ukingo wa neti kikadondoka upande wake, nyanyua mkono kidogo, anaelewa. Mchezo ukiisha mnakwenda netini mnapeana mikono, hata kama mmefungwa 15 kwa 2.

Na kwenu wanachama mtakaowasindikiza, maana najua barua hii mtaisoma: usiku huo si wa smashi. Mgeni anayepokea kombora kifuani mara tatu mfululizo harudi tena. Mrushie kinyoya juu, apate kukigusa. Wala msigeuke makocha wa ghafla katikati ya mchezo, kila pointi ushauri mpya. Mtu akiuliza, jibu. Asipouliza, mwache acheze.

Baada ya saa 3 kutakuwa na kahawa chungu na kashata, na mama wa jirani ameahidi mihogo ya kukaanga. Vyakula vinabaki upande wa benchi. Mafuta sakafuni tuliwahi kuyaona, na aliyeteleza alikaa nje mwezi mzima.

Mpeni jibu aliyewaletea barua kabla ya Jumatano tarehe 11, ili nijue nitoe raketi ngapi stoo na ninunue maboksi mangapi ya vinyoya. Ukiwa na mtoto wa miaka 12 kwenda juu anayependa michezo, mlete, kiingilio chake ni shilingi 2,000.

Wenu katika mchezo,

Katibu wa Klabu

N.B. Swichi za taa ni zile tatu za kulia mwa mlango. Ile ya nne, yenye plasta nyekundu, naomba muipite tu.