Ombi la udhamini: mapishi manne ya Ramadhani kwa viungo vyenu

Kwa Meneja Masoko,

Habari za kazi. Naitwa Mwanaidi, mpishi wa nyumbani hapa Ngamiani, Tanga, mwenye chaneli ya YouTube ya Jiko la Mwanaidi.

Mwezi uliopita nilipika pilau ya ng'ombe kwa viungo vyenu, pakiti niliyoinunua mwenyewe duka la mtaani. Video zangu hutazamwa mara 900 hadi 1,500. Ile imefika 11,200. Watu 43 wameuliza viungo vile vinapatikana wapi, wengi wao wa Dar na Morogoro. Sikuwa na la kuwajibu, ndiyo maana nawaandikia.

Sifichi, chaneli ni ndogo: wafuatiliaji 3,840. Ila wengi ni kina mama wanaopika kila siku, na nilichopika nao hukijaribu. Hunitumia picha za sufuria zao, hata zilizoungua.

Naomba mnidhamini video nne za Ramadhani, moja kila wiki: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kaimati za iliki, kisha pilau ya Idi. Tumaini langu kubwa liko kwenye uji. Wengi hununua pilipili manga iliyosagwa zamani, harufu imeshakwenda. Wanaongeza kijiko juu ya kijiko, uji unawasha lakini haunukii. Nataka nitwange punje zenu nzima kwenye kinu mbele ya kamera, nizitie karibu na kuepua, na niseme zimetoka Muheza, milima ya hapa hapa kwetu.

Gharama ni shilingi 600,000 kwa video zote nne, nusu kabla ya kurekodi na nusu video ya mwisho ikishapanda. Humo mna vyakula, gesi na malipo ya kijana anayerekodi na kuhariri. Naomba pia katoni moja ya pakiti za kuwagawia watazamaji. Kila video mtaiona siku mbili kabla, mrekebishe majina, bei na maduka; habari ya ladha niachieni mimi. Mwanzoni kabisa nitatamka kwamba mmenidhamini.

Niseme na hili mapema: viungo vyenu vya mchuzi, kwa ulimi wangu, vimezidi chumvi. Hivyo sitavipika.

Kama bajeti imebana, tuanze na uji peke yake kwa 150,000, tuone watu watasemaje. Nikipata jibu kabla Rajabu haijaisha, Shaabani yote nitakuwa narekodi. Nimeambatisha takwimu za chaneli za siku 90 na picha za yale maoni 43. Muheza si mbali, mkiniita ofisini nakuja, na uji nitaupika huko huko.

Wenu,
Mwanaidi
Jiko la Mwanaidi, Tanga