Barua kwa Wazazi na Walezi Kuhusu Ajali ya Basi la Safari ya Darasa la Saba

Jumanne, 18 Machi 2025

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: AJALI ILIYOWAPATA WATOTO WETU IJUMAA, 14 MACHI

Ijumaa asubuhi mlitukabidhi watoto wenu wakiwa wazima. Jioni ile ile baadhi yenu mliwakuta hospitalini, na wengine mliwapokea getini wakitetemeka, nguo zimechanika, hawataki kuzungumza. Kwa maumivu waliyoyapata na hofu iliyowaingia ninyi nyumbani, nawapa pole, na nasikitika kwa moyo wangu wote. Walimu waliokuwa ndani ya basi wanasikitika pamoja nami, na vivyo hivyo wale waliobaki shuleni wakisubiri simu.

Taarifa tuliyowatumia Jumapili ilikuwa ya mistari minne. Iliita yaliyotokea "tukio", ikawashukuru kwa ushirikiano wenu, na haikuwataja waliojeruhiwa hata kwa idadi. Wazazi kadhaa wameniambia iliwaumiza kuisoma. Wana haki. Naiondoa taarifa ile, na barua hii ndiyo inayoshika nafasi yake.

Haya ndiyo tunayoyajua kwa uhakika. Basi lilikuwa na wanafunzi 38, walimu 4, dereva na utingo wake, likirudi kutoka kwenye hifadhi ya msitu. Saa 10:30 jioni liliacha barabara kwenye kona na kulala ubavu mtaroni. Watu waliokuwa karibu walikimbilia kusaidia na wote walitolewa. Watoto 9 walitibiwa hospitalini. Saba kati yao waliruhusiwa usiku ule ule. Wawili bado wamelazwa: mmoja alivunjika mkono na amefanyiwa upasuaji, mwingine aliumia kichwani na madaktari wanaendelea kumwangalia. Wazazi wao wameridhia niandike haya, na wameomba yasizidi hapo. Nawasihi tuheshimu ombi lao. Picha za watoto hawa zinazozunguka kwenye makundi ya simu zifutwe, zisitumwe tena kwa yeyote. Dereva na mwalimu mmoja nao waliumia, na wanaendelea na matibabu.

Kuna jambo moja ambalo wengi mmeniuliza kwa uchungu, nami nalijibu wazi. Mwalimu kiongozi wa safari alinipigia saa 10:45. Ujumbe wa kwanza wa shule kwa wazazi wote ulitoka saa 12:20. Katikati ya saa hizo walimu walikuwa wakihesabu watoto, wakiwapandisha kwenye magari ya wagonjwa na kuhakiki nani amepelekwa wapi. Naeleza hivyo ili mjue kilichokuwa kinaendelea. Lakini najua pia kwamba wapo kati yenu waliosikia habari za ajali kutoka kwa majirani, wakapiga simu ofisini na zisipokelewe. Kwa kila mzazi aliyekaa muda ule wote bila kujua kama mwanawe yu hai, naomba radhi. Mlistahili kusikia kutoka kwetu kwanza, hata kama tulichokuwa nacho kilikuwa sentensi moja tu.

Chanzo cha ajali siwezi kukisema katika barua hii. Polisi wanachunguza, basi limekaguliwa na wataalamu na ripoti yao haijatoka. Nikitaja sababu sasa nitakuwa nakisia, na makisio yangu yanaweza kumwonea mtu au kumpotosha mzazi. Shule imewakabidhi wachunguzi orodha ya abiria, mkataba wa kukodi basi, mpango wa safari na fomu za idhini mlizosaini. Nakala zake zote tumezihifadhi, na mzazi akitaka kuona fomu ya mtoto wake au mpango wa safari, aje ofisini ataonyeshwa. Ripoti ikitufikia, tutawaeleza yaliyomo kwa kadiri sheria inavyoturuhusu, yawe yanatupendeza au la.

Kwa hiyo naomba ieleweke hivi: masikitiko na radhi ninazozitoa hapa ni za dhati, na hazingoji ripoti. Suala la nani anawajibika kisheria ni la vyombo vinavyohusika, na barua hii hailiamui kwa upande wowote. Haikubali wajibu wa kisheria kwa niaba ya shule, mfanyakazi wake wala mtu mwingine, na haipunguzi haki yoyote ya mtoto au ya mzazi.

Msimamo huo unagusa pia gharama. Kampuni inayotoa bima ya ajali ya wanafunzi imeshaarifiwa. Pale ambapo bima haijalipa, mfuko wa dharura wa shule unatanguliza gharama za matibabu yaliyotokana na ajali hii, pamoja na nauli ya mzazi anayekwenda kumuuguza mtoto. Tunafanya hivyo kwa sababu mtoto hawezi kusubiri makaratasi. Malipo haya hayana maana kwamba shule imekubali au imekana wajibu, na hakuna mzazi atakayeombwa kusaini hati ya kuacha madai ili asaidiwe. Akitokea mtu yeyote na karatasi ya namna hiyo, msisaini, nijulisheni. Tunzeni risiti zote.

Naomba sana mwaangalie watoto, hata wale walioonekana hawana jeraha. Mtoto akitapika mara kwa mara, akilalamika kichwa kinachozidi kuuma, akisinzia kuliko kawaida na kuwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa au akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Dalili za kuumia kichwani zinaweza kuchelewa kujitokeza. Yapo pia majeraha yasiyoonekana. Mtoto anaweza kuota ndoto mbaya, kukataa kupanda gari, kukojoa kitandani, kung'ang'ania mzazi au kuwa mkali bila sababu. Mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Msimlazimishe kusimulia, ila akitaka kusema, msikilizeni hadi mwisho. Ikiendelea zaidi ya mwezi, au ikimzuia kula, kulala au kuja shule, anahitaji mtaalamu. Mshauri nasaha atakuwa shuleni kila siku hadi muhula uishe, na wazazi pia wanakaribishwa kumwona.

Walimu wameelekezwa wasiwahoji watoto kuhusu ajali. Polisi wakihitaji maelezo ya mtoto, tutawasiliana kwanza na mzazi ili awepo. Mwanafunzi ambaye hayuko tayari kurudi darasani abaki nyumbani. Hatahesabiwa mtoro, na masomo yatamfuata.

Safari zote za shule zimesimamishwa. Hatujaamua kwamba kosa lipo hapa au pale, ila sioni namna ya kumpandisha mtoto mwingine basi kabla hatujapitia upya jinsi tunavyokodi magari, tunavyosimamia safari na tunavyowapasha habari wazazi. Wazazi wawili watakaochaguliwa nanyi watakaa kwenye kamati itakayofanya kazi hiyo.

Tutakutana ukumbini Jumamosi, 22 Machi, saa 3:00 asubuhi. Nitakuwepo mwenyewe pamoja na walimu waliokuwa safarini ambao afya zao zinawaruhusu, na tutajibu kila swali tunaloweza kulijibu. Kwa wazazi wa wale 9, sitawangoja mje: nitawapigia leo kuuliza kama niwatembelee nyumbani au hospitalini, na mkisema si sasa, nitaelewa. Simu ya ofisi, namba ile ile iliyo kwenye daftari la mawasiliano la mtoto, itapokelewa saa 24 hadi watoto wote wawili watakapotoka wodini.

Wenu,

Mkuu wa Shule
kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na Bodi ya Shule